Kundi la memba 30 haliwezi kuwa sahili: hesabu ya 24 na 20

Jumlisha 24 na 20. Unapata 44, na 44 ni kubwa kuliko 30. Hapo uthibitisho umekwisha.

Mtu aliyezoea nadharia ya makundi akiusoma mstari huo ataitikia kwa kichwa na kufungua ukurasa unaofuata. Wengine watauliza, na wana haki, 24 imetoka wapi, 20 imetoka wapi, na hiyo 30 inahesabu nini. Makala hii ni ya hao wanaouliza. Kinachohitajika ni mkasi, karatasi, na baadaye kidogo dadu ya ludo na mpira wa miguu.

Kata pembetatu yenye pande tatu sawa. Andika A, B na C kwenye pembe zake, mbele na nyuma, A ikiwa juu, B chini kulia, C chini kushoto. Ilaze mezani na uchore mpaka wake kwa kalamu. Sasa jiulize: naweza kuinyanyua na kuirudisha ndani ya mpaka uleule kwa njia ngapi? Unaweza kuiacha ilivyo. Unaweza kuizungusha theluthi moja ya duara, au theluthi mbili. Unaweza kuipindua ukiacha pembe ya juu mahali pake, au ya kulia, au ya kushoto. Hizo ni njia sita, na ya saba haipo, kwa sababu herufi tatu hukaa katika nafasi tatu kwa mipangilio sita tu. Ukifanya njia moja na kufuatisha nyingine, matokeo ni mojawapo ya zilezile sita. Tena kila moja ina ya kuitangua. Mkusanyiko wa matendo wa namna hiyo ndio tunaouita kundi, na kila tendo ni memba wake. Kuacha karatasi ilivyo nako ni tendo. Tumwandike memba huyo e.

Ndani ya kundi mara nyingi kuna kundi dogo linalojitosheleza, na hilo nitaliita kikundi. Mizunguko mitatu (e, theluthi moja, theluthi mbili) ni kikundi, maana ukizungusha na kuzungusha tena hutajikuta umepindua. Vilevile e pamoja na kupindua kwa pembe ya juu ni kikundi cha memba wawili: ukipindua mara mbili umerudi ulikoanza. Kanuni ya kwanza tutakayoitegemea inaitwa kanuni ya Lagrange: ukubwa wa kikundi lazima uwe kigawo cha ukubwa wa kundi lililokibeba. Kundi la memba 6 laweza kuwa na kikundi cha 2 au cha 3. Cha 4 halina.

Sasa fanya jaribio hili kwa mkono, maana ndilo moyo wa habari yote. Zungusha karatasi theluthi moja kuelekea upande wa mshale wa saa: A inakwenda kulia, B kushoto, C juu. Halafu ipindue ukiiacha pembe iliyo juu mahali pake: A inahamia kushoto, B kulia, C imebaki juu. Kisha tangua ule mzunguko wa kwanza, yaani rudisha theluthi moja kinyume cha saa. Unachokiona ni B juu, A kulia, na C kushoto palepale ilipoanzia. Ulipindua kwa pembe ya juu, lakini kwa kuwa tendo hilo lilizungukwa na mzunguko kabla na mtanguo baada, limegeuka kuwa kupindua kwa pembe ya kushoto.

Wanahisabati huandika jambo hilo gPg⁻¹: kikundi P kimebanwa kati ya tendo g na mtanguo wake. Matokeo yake ni kikundi kingine chenye ukubwa uleule, na viwili hivyo tuviite ndugu. Vikundi vya kupindua katika pembetatu ni ndugu watatu, na ukikibana kimoja unapata kingine. Kikundi cha mizunguko hakifanyi hivyo. Pindua, zungusha, pindua tena: bado umepata mzunguko, ila umeelekea upande wa pili. Kikundi hicho hakina ndugu mwingine ila chenyewe, hata ukibane kwa memba gani. Kikundi cha aina hiyo nitakiita kikundi tulivu. Jina ni langu, lakini linasema kinachotokea.

Kikundi tulivu ni ufa. Kundi lenye kikundi tulivu huweza kupasuliwa sehemu mbili: kikundi chenyewe, na kile kinachosalia ukiamua kutojali tofauti zilizo ndani ya kikundi hicho. Katika pembetatu, ukipuuza mizunguko, linabaki swali moja tu, karatasi imepinduliwa au haijapinduliwa, na hilo ni kundi la memba wawili. Tuliosoma sarufi tunalijua jambo hili kwa jina jingine: sentensi ambatano unaweza kuipasua ukapata sentensi zilizo kamili ndani yake, sentensi sahili huwezi. Kundi sahili, basi, ni lile lisilo na kikundi tulivu chochote isipokuwa e peke yake na kundi zima.

Kundi ambalo ukubwa wake ni namba tasa, tuseme 7, ni sahili bila ubishi, kwa kuwa Lagrange hakuliachia nafasi ya kikundi chochote cha katikati. Thelathini ina vigawo 2, 3, 5, 6, 10 na 15, kwa hiyo vikundi vya katikati vinaweza kuwepo. Swali ni kama lazima kimoja kiwe tulivu. Na ugumu wa swali uko hapa: hatuoneshwi kundi lenyewe. Hatujui memba wake ni matendo ya karatasi, ya namba au ya kitu gani. Tumeambiwa wako 30, basi.

Aliyetupa chombo cha kutokea hapo alikuwa mwalimu wa sekondari. Ludwig Sylow, Mnorwei aliyezaliwa mwaka 1832, alifundisha shule katika mji mdogo wa Fredrikshald, leo Halden, kuanzia 1858 hadi 1898. Mwaka 1872 alichapisha katika jarida la Kijerumani makala ya kurasa kumi, iliyoandikwa kwa Kifaransa, na makala hiyo ndiyo iliyomfanya jina lake litajwe kila siku katika madarasa ya aljebra hadi leo. Kiti cha uprofesa alikipata 1898, akiwa na umri wa miaka 65.

Alichosema, kikiletwa kwenye 30 yetu, ni hiki. Chukua namba tasa inayogawa ukubwa wa kundi, kwa mfano 5. Kwanza, kikundi cha memba 5 kipo. Hili Cauchy wa Ufaransa alikuwa amelionyesha tayari katika miaka ya 1840. Pili, vikundi vyote vya memba 5 ni ndugu: chochote hupatikana kwa kukibana kingine. Tatu, idadi yao, tuiandike n₅, lazima iwe kigawo cha 6 (yaani 30 ikigawanywa kwa 5), na tena ukiigawa kwa 5 lazima ibaki 1.

Sharti hilo la baki 1 huwashangaza wengi, linaonekana kama mazingaombwe. Si mazingaombwe, na inafaa tukae nalo kidogo. Chukua kikundi kimoja cha memba 5, kiite P, na uwape memba wake kazi ya kuvibana vikundi vyote vya ukubwa huo. Kila kikundi kinachobanwa ama hakisogei, ama kinahamahama katika msafara wa vikundi kadhaa. Urefu wa msafara wowote ni kigawo cha idadi ya wanaobana, na wanaobana ni watano. Kwa hiyo msafara ni wa vikundi 5, au ni kikundi kimoja kisichosogea. Nani hasogei? P mwenyewe, bila shaka, kwa sababu anabanwa na memba wake. Je, kingine, tuseme Q? Kama Q hasogei akibanwa na memba wote wa P, basi memba wa P wakizidishwa na memba wa Q, yaani tendo la mmoja likifuatishwa na la mwingine, hutengeneza kikundi cha memba 5 × 5 = 25. Lakini 25 haigawi 30, na Lagrange amekataa. Kwa hiyo P ndiye pekee anayetulia, na wengine wote wako katika misafara ya watano watano. Idadi ni 1, au 6, au 11, au 16, na kuendelea. Ndiyo hiyo baki 1.

Undugu unatoka humohumo. Tuseme kungekuwa na ukoo mwingine wa vikundi vya memba 5 ambao P hayumo. P akiubana ukoo huo hakuna anayetulia, kwa hiyo idadi yake ni kigawe cha 5. Ukibanwa na mmoja wa kwao wenyewe, huyo anatulia peke yake, kwa hiyo idadi ileile ina baki 1. Haiwezekani yote mawili. Ukoo ni mmoja. Na kwa kuwa ukoo mzima ni msafara mmoja chini ya memba 30 wote, urefu wake ni 30 ikigawanywa kwa idadi ya memba wasiomsogeza P. Miongoni mwa hao wamo memba watano wa P mwenyewe, wakiwa kikundi ndani ya kikundi, kwa hiyo idadi hiyo ni kigawe cha 5 na ukoo unakuwa kigawo cha 6.

Sasa hesabu ni ya darasa la nne. Vigawo vya 6 ni 1, 2, 3 na 6. Ukivigawa kwa 5, vinavyobakiza 1 ni 1 na 6 tu. Basi n₅ ni 1 au 6.

Kwa 3 mwendo ni uleule. Namba n₃ ni kigawo cha 10, na ukiigawa kwa 3 inabaki 1. Vigawo vya 10 ni 1, 2, 5 na 10. Mbili na tano zinabakiza 2, zinaanguka. Basi n₃ ni 1 au 10.

Kama n₅ ni 1, kikundi hicho cha memba 5 ni tulivu, kwa sababu ukikibana unapata kikundi cha memba 5, na hakuna kingine cha kukipata. Kundi si sahili. Vivyo hivyo kama n₃ ni 1. Anayetaka kundi sahili la memba 30 hana budi kushikilia kwamba n₅ ni 6 na n₃ ni 10 kwa pamoja. Tumruhusu, halafu tuhesabu vichwa.

Vikundi sita vya memba watano. Viwili kati yake vikikutana, wanachoshiriki ni kikundi pia, na ukubwa wake unagawa 5, kwa hiyo ni 1 au 5. Vikishiriki watano ni kikundi kimoja, si viwili. Basi vinashiriki mmoja, naye ni e. Kila kikundi kinaleta memba wanne wasiopatikana katika kingine: 6 × 4 = 24. Vikundi kumi vya memba watatu, kwa hoja hiyohiyo, vinaleta wawili wawili: 10 × 2 = 20. Na hawa 20 si wale 24, maana wale 24 hurudi kwenye e baada ya hatua tano, na hawa 20 baada ya tatu. Ishirini na nne na ishirini ni 44, kabla hata ya kumhesabu e, katika nyumba yenye viti 30.

Nilipoifanya hesabu hii mara ya kwanza, nikiwa mwanafunzi, niliandika 6 × 5 = 30, nikasema vikundi vya watano vimelijaza kundi zima na hakuna nafasi ya mwingine, nikafunga daftari. Jibu lilikuwa sahihi, sababu ilikuwa mbovu: nilimhesabu e mara sita. Mwalimu alichora duara jekundu kwenye ile 5 na hakuandika neno lolote. Kosa hili ni baya kwa kuwa kwenye 30 halikuumbui. Hata ukikosea, unafika. Tutaliona likiumbua tukifika kwenye mpira.

Jambo jingine ambalo wengi hulipita haraka: hesabu imetuambia n₅ au n₃ mojawapo ni 1, haikutuambia ni ipi. Ukweli ni kwamba zote mbili ni 1, siku zote. Tuseme P wa memba 5 ni tulivu, na Q ana memba 3. Kwa sababu P ni tulivu, memba wa P wakizidishwa na wa Q hufanya kikundi cha 15, tumwite N. Kama aliye tulivu ni Q, unafika kwenye N huyohuyo. Sasa N ni nusu ya kundi, na nusu huwa tulivu kila mara. Ukilipasua kundi kwa N, kinachosalia ni swali la ndiyo au hapana, umo ndani ya N au uko nje. Memba anayerudi kwenye e kwa hatua tatu au tano hawezi kuwa nje, kwa kuwa aliye nje huingia ndani kwa kila hatua shufwa na kutoka kwa kila hatua witiri, na e yuko ndani. Kwa hiyo vikundi vyote vya 3 na vya 5 vimo ndani ya N. Humo, kwa Sylow tena, idadi ya vya 5 inagawa 3 na kubakiza 1 kwa 5, na idadi ya vya 3 inagawa 5 na kubakiza 1 kwa 3. Zote ni 1.

Kwa hiyo ile picha ya vikundi sita na vikundi kumi haikukaribia hata kidogo kutokea. Kinachotofautiana kati ya kundi moja la 30 na jingine ni vikundi vya memba wawili. Namba n₂ ni kigawo cha 15, na baki yake kwa 2 ni 1, sharti ambalo 1, 3, 5 na 15 zote zinalitimiza. Sylow hapa hakatai chochote, na mtu angedhani ni uzembe wa kanuni. Kumbe makundi ya memba 30 yako manne tu, na kila jibu lina kundi lake. Saa yenye tarakimu 30, inayozunguka tu, ina kikundi kimoja cha 2. Pembetatu yetu ikifungwa pamoja na gurudumu la hatua tano linalozunguka kivyake ina 6 × 5 = 30, na vikundi vya 2 ni vitatu, vile vya kupindua. Pembetano pamoja na gurudumu la hatua tatu ina 10 × 3 = 30, na vikundi vitano. Umbo bapa lenye pembe 15 lina mizunguko 15 na mipinduo 15, hivyo vikundi 15. Mimi hulipenda jambo hili kuliko uthibitisho wenyewe.

Njia hii ya kuhesabu vichwa ina mpaka, na mpaka uko karibu. Kwa 30 ilifanya kazi kwa sababu 30 ni 2 × 3 × 5, kila namba tasa ikitokea mara moja, kwa hiyo vikundi vya Sylow, yaani vile ambavyo kanuni yake inavihesabu, vina ukubwa tasa na vikikutana vinashiriki e peke yake. Chukua 24, ambayo ni 8 × 3. Hapa Sylow anaongelea vikundi vya memba 8, kipeo cha tatu cha 2 na kikubwa kuliko vyote vinavyogawa 24, na vya memba 3. Masharti yanasema n₂ ni 1 au 3, na n₃ ni 1 au 4. Anayekumbuka somo la 30 atakimbilia kalamu: vikundi vitatu vya 8 vinaleta 3 × 7 = 21, vikundi vinne vya 3 vinaleta 4 × 2 = 8, pamoja na e ni 30, imezidi 24, kwa hiyo mojawapo ni 1. Inasomeka vizuri na ni uongo.

Chukua dadu uone. Dadu inaweza kushikwa kwa namna 24: nyuso sita za kuweka juu, na kwa kila moja namna nne za kuizungusha. Ina mihimili mitatu ya uso kwa uso, wa 1 na 6, wa 2 na 5, wa 3 na 4. Mizunguko inayouacha mhimili wa 1 na 6 mahali pake, hata kama ncha zimebadilishana, iko minane, na ni kikundi. Vivyo hivyo kwa mihimili miwili mingine. Vikundi vya 8 ni vitatu kweli. Vya memba 3 ni vinne, kimoja kwa kila jozi ya kona zinazotazamana. Na memba ni 24, hawajazidi. Kilichotokea ni kwamba vikundi vya 8 havishiriki e tu. Nusu duara kwenye mhimili wa 1 na 6 huiacha mihimili mingine mahali pake pia, ikigeuza ncha zake, kwa hiyo imo katika vikundi vyote vitatu. Vilevile nusu duara za mihimili mingine. Vinashiriki memba wanne. Hesabu ya kweli ni hao 4, pamoja na 4 wa peke yao kwa kila kimoja, jumla 16, pamoja na 8, jumla 24.

Dalili ya kosa ni moja tu ya kutafuta: ukiona kikundi cha Sylow chenye ukubwa wa 4, 8, 9 na kadhalika, usiondoe e ukadhani umemaliza. Kundi la 24 nalo si sahili, ila sababu ni nyingine. Memba 24 wakivibana vikundi vitatu vya 8 wanavipanga upya, na vitu vitatu vina mipangilio sita tu. Lazima wawepo memba zaidi ya e ambao hawapangui chochote, na hao ni kikundi tulivu. Katika dadu ni walewale wanne. Kama n₂ ni 1, hakuna hata haja ya kufika huko.

Sasa mpira. Tafuta ule wa zamani wenye vipande vyeusi na vyeupe, wa aina iliyoonekana Kombe la Dunia la Meksiko mwaka 1970. Una vipande 12 vyeusi vya pembetano na 20 vyeupe vya pembesita. Shika vidole viwili kwenye vipande vyeusi vinavyotazamana na uzungushe: kila hatua ya moja ya tano ya duara, mpira unaonekana haujaguswa. Jozi za vipande vyeusi ni sita, kwa hiyo vikundi vya memba 5 ni sita. Shika vipande vyeupe vinavyotazamana: majirani wa kipande cheupe ni cheusi, cheupe, cheusi, cheupe, kwa zamu, kwa hiyo ni theluthi za duara tu zinazokubali. Jozi ziko kumi. Ni sita na kumi, zile namba mbili tulizomnyima anayetaka kundi la 30, na hapa zimo mkononi mwako.

Kuna namna ngapi za kuushika mpira? Kipande cheusi kimoja kinaweza kuletwa kwenye nafasi 12, na kila nafasi kwa mielekeo 5, jumla 60. Hesabu vichwa: mizunguko ya vyeusi 24, ya vyeupe 20. Bado mishono ambapo cheupe hukutana na cheupe. Iko 30, yaani jozi 15, na kila jozi inaruhusu nusu duara moja. Jumla 24 + 20 + 15, pamoja na e, ni 60 kamili. Na hapa ndipo daftari langu la zamani lingeumbuka: kwa hesabu yangu ya 6 × 5 na 10 × 3, viti 60 vingekuwa vimejaa, na mishono isingekuwa na pa kukaa.

Mwaka 1892 Mjerumani Otto Hölder alipitia ukubwa wote hadi 200 akitafuta makundi sahili yasiyo ya ukubwa tasa, akakuta mawili tu, moja la 168, na lililo dogo kuliko yote ni hili la 60. Kwamba mpira ni sahili unaweza kuhakikisha mwenyewe kwa vidole. Tuseme kuna kikundi tulivu chenye mzunguko mmoja wa kipande cheusi. Ukiurudiarudia umepata minne ya mhimili huo, na kwa kuwa mpira unaweza kugeuzwa ukaleta cheusi chochote mahali pa kingine, kukibana kunakuletea yote 24. Vilevile mmoja wa vyeupe huvuta wote 20, na mshono mmoja huvuta yote 15. Kwa hiyo ukubwa wa kikundi tulivu ni 1 ikiongezwa mafungu mazima kutoka 24, 20 na 15: fungu moja linakupa 25, 21 au 16, mawili yanakupa 45, 40 au 36. Jaribu kugawa 60 kwa yoyote kati ya hizo sita.